Kukokotoa kasi ya sauti katika gesi, hatua kwa hatua, na kwa nini joto huiongeza

Makokotoo ya kasi ya sauti ambayo wasomaji wamekuwa wakinitumia huharibika mahali pale pale. Wapo wanaopata mita 98 kwa sekunde, wapo wanaopata mita 11, na wapo waliopata jibu sahihi ambao, wakiulizwa kwa nini sauti huenda kasi zaidi hewa inapopata joto, hutoa sababu isiyosimama. Mwongozo huu unafuata kazi moja kutoka mwanzo hadi mwisho: kihisi kilichofungwa chini ya mfuniko wa tangi la maji, ambacho hutuma mlio usiosikika kwa sikio, husubiri mwangwi wake urudi kutoka kwenye uso wa maji, kisha hutumia muda huo kukadiria maji yako umbali gani. Kihisi cha namna hiyo husema kweli alfajiri na kukosea alasiri. Atakayeweza kukokotoa ukubwa wa kosa hilo na kueleza chanzo chake atakuwa ameielewa mada yote.

## Vinavyohitajika

Andaa kikokotoo chenye kitufe cha kipeuo cha pili, kipimajoto, na karatasi ya kuandikia kila hatua pamoja na vipimo vyake. Kwa jaribio la mwisho utahitaji pia kihisi cha aina ya HC-SR04 na bodi ya Arduino, au kifaa chochote kinachopima muda wa mwangwi.

Kanuni yenyewe ni hii:

```
c = √(γ × R × T ÷ M)
```

Hapa `c` ni kasi ya sauti kwa mita kwa sekunde, `γ` ni uwiano wa uwezo joto wa gesi, `R` ni namba isiyobadilika ya gesi zote, yaani jouli 8.314 kwa moli kwa kelvini, `T` ni halijoto kwa kelvini, na `M` ni masi ya moli moja ya gesi kwa kilogramu. Angalia kwamba kanieneo haimo. Jambo hilo si la bahati, na tutalirudia.

## Hatua ya 1: Tafuta uwiano wa uwezo joto

Gesi ina uwezo joto wa namna mbili. Ukiifungia katika chombo kisichotanuka na kuipasha, joto lote unaloingiza huongeza halijoto yake. Moli moja ya hewa kavu huhitaji jouli 20.8 hivi ili ipande kwa kelvini 1. Kiasi hicho huandikwa `Cv`. Ukiipasha gesi hiyo hiyo chini ya pistoni inayoweza kupanda, itatanuka na kuisukuma pistoni, na kazi hiyo ya kusukuma italipwa kutoka kwenye joto lile lile uliloingiza. Kwa hiyo utahitaji joto zaidi, jouli 29.1 hivi, ili kupata kelvini ile ile moja. Hicho ndicho `Cp`. Tofauti kati ya viwili hivi kwa gesi kamilifu ni `R` yenyewe: 29.1 toa 20.8 ni 8.3.

Uwiano unaotafutwa ni `Cp` gawanya kwa `Cv`, na kwa hewa ni 1.40.

Tahadhari mbili zinahitajika hapa. Ya kwanza ni kwamba namba zote mbili lazima ziwe za kipimo kimoja. Majedwali mengine huandika uwezo joto kwa kilogramu badala ya moli, na kwa hewa utakuta 1005 na 718. Uwiano wake ni ule ule 1.40, lakini ukichukua namba moja kutoka jedwali hili na nyingine kutoka jedwali lile utapata kitu kisicho na maana yoyote. Ya pili ni kwamba uwiano huu daima ni zaidi ya 1, kwa sababu `Cp` daima ni kubwa kuliko `Cv`. Ukipata 0.71, umegeuza juu chini.

Kwa nini uwiano huu unaingia kabisa katika habari za sauti? Hapa ndipo wengi hupita haraka. Sauti ni mfululizo wa mahali ambapo hewa imebanwa na mahali ambapo imelegea. Hewa ikibanwa kwa ghafla hupata joto, kama anavyojua kila aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono. Joto hilo la ziada huongeza kanieneo ya mahali palipobanwa. Ukibana hewa kwa asilimia 1 polepole mno, huku joto likipata nafasi ya kutoka, kanieneo hupanda kwa asilimia 1. Ukiibana kwa asilimia 1 bila joto kutoka, kanieneo hupanda kwa asilimia 1.4. Hewa iliyo ndani ya wimbi la sauti hufanana na ile ya pili: ni ngumu zaidi kubanwa, hurudi kwa nguvu zaidi, na wimbi husonga kasi zaidi.

Mtu anaweza kuuliza kama kweli joto halipati muda wa kutoka. Chukua mlio wa mitetemo 500 kwa sekunde. Mahali palipobanwa na mahali palipolegea viko umbali wa sentimita 35 hivi, na hali zao hubadilishana kila baada ya milisekunde 1. Katika muda huo joto huweza kusambaa katika hewa kwa sehemu ya milimita tu. Halifiki popote.

Ukiwa na gesi nyingine, tumia uwiano wake. Heli na agoni, ambazo kila molekuli yake ni atomu moja pekee, zina 1.67. Naitrojeni na oksijeni, zenye atomu mbili mbili, zina 1.40, na ndiyo maana hewa nayo ina 1.40. Kaboni dioksaidi katika halijoto ya kawaida ina 1.29 hivi. Kadiri molekuli inavyokuwa na njia nyingi za kuhifadhi nishati ndani yake, kwa kuzunguka au kutetema, ndivyo joto la kubanwa linavyogawanyika zaidi na uwiano unavyokaribia 1.

Utajua umefaulu ukiwa na namba isiyo na kipimo, iliyo kati ya 1 na 1.67.

## Hatua ya 2: Geuza halijoto iwe kelvini

Ongeza 273.15 kwenye nyuzi za Selsiasi. Katika tangi letu alfajiri kipimajoto kinasoma nyuzi 24, kwa hiyo `T` ni 297.15. Alasiri, jua likiwa limeupiga mfuniko mweusi kwa saa kadhaa, kinasoma nyuzi 44, na `T` ni 317.15.

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba kanuni inahesabu nishati ya mwendo wa molekuli, na nishati hiyo huanzia kwenye sifuri ya kelvini. Sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda tu, na molekuli za hewa mahali hapo bado zinakimbia mamia ya mita kwa sekunde. Kosa la kuacha nyuzi za Selsiasi ndilo linalozaa yale majibu ya mita 98.

## Hatua ya 3: Weka masi ya moli katika kilogramu

Majedwali ya kemia huandika masi ya moli kwa gramu: hewa kavu 28.96, heli 4.003, kaboni dioksaidi 44.01. Jouli, hata hivyo, imejengwa juu ya kilogramu, na kikokotoo hakitakuonya. Gawanya kwa 1000 kabla ya kuendelea. Kwa hewa kavu, `M` ni 0.02896.

## Hatua ya 4: Kokotoa

Zidisha kwanza, gawanya kisha, na kipeuo kiwe cha mwisho kabisa. Kwa alfajiri:

```
1.40 × 8.314 × 297.15 = 3458.7
3458.7 ÷ 0.02896     = 119430
√119430              = 345.6 m/s
```

Kwa alasiri, katika nyuzi 44:

```
1.40 × 8.314 × 317.15 = 3691.5
3691.5 ÷ 0.02896     = 127469
√127469              = 357.0 m/s
```

Nyuzi 20 za tofauti zimeongeza kasi kwa mita 11.4 kwa sekunde, yaani takribani mita 0.57 kwa kila nyuzi. Kwa hewa ya halijoto ya kawaida unaweza kubeba kichwani kwamba kasi ni 331.3 katika nyuzi 0 na huongezeka kwa 0.6 hivi kwa kila nyuzi. Tumia makadirio hayo kukagua kazi yako tu, wala usiyapeleke kwenye heli, kwa sababu namba zote mbili ni za hewa peke yake.

Ukitaka zoezi la kujipima, kokotoa gesi nyingine mbili kwa nyuzi 24. Heli itakupa karibu mita 1014 kwa sekunde, na kaboni dioksaidi karibu mita 269.

## Hatua ya 5: Litambue kosa kwa jibu lake

Makosa ya kazi hii yana faida moja, kwamba kila moja huacha alama yake. Kwa hewa ya nyuzi 24, jibu la 98 linamaanisha umetumia Selsiasi. Jibu la 10.9 linamaanisha masi imebaki kwenye gramu. Jibu la 292 linamaanisha umeisahau `γ`, yaani umechukulia kwamba joto la kubanwa linatoka kwa uhuru. Jibu la 247 linamaanisha umeigawanya `Cv` kwa `Cp`. Na jibu la zaidi ya laki moja ni la mtu aliyekuwa na haraka, asiyefika kwenye kipeuo.

Lililo hatari zaidi kati ya hayo ni 292, kwa kuwa linaonekana la kuaminika. Halipishani na ukweli kiasi cha kumshtua mtu, na wengi huliacha lipite wakisema labda hewa yao ilikuwa na unyevu. Unyevu hauwezi kulieleza, kwa sababu unyevu huongeza kasi ya sauti.

## Hatua ya 6: Eleza kwa nini joto huongeza kasi

Maelezo ninayoyapokea mara nyingi ni haya: hewa ikipata joto hutanuka, ikitanuka huwa nyepesi, na kilicho chepesi husukumwa kwa urahisi. Sentensi hiyo haina uongo kwa hewa iliyo wazi, lakini haitoshi, na kuna jaribio la kufikirika linaloiangusha mara moja.

Chukua chupa ngumu yenye hewa ya nyuzi 24, ifunge kabisa, kisha ipashe hadi nyuzi 44. Hakuna hewa iliyotoka wala iliyoingia, na ujazo ni ule ule. Densiti haijabadilika hata kidogo. Kama wepesi ndio ungekuwa sababu, kasi ya sauti ndani ya chupa ingebaki 345.6. Lakini ukiipima utaikuta ni 357.0, sawasawa na hewa ya nje iliyo katika nyuzi 44.

Ili kuona kinachotokea, iandike kanuni kwa sura yake nyingine:

```
c = √(γ × p ÷ ρ)
```

Humo `p` ni kanieneo na `ρ` ni densiti. Katika hewa iliyo wazi, joto huacha kanieneo ilivyo na kupunguza densiti. Katika chupa, joto huacha densiti ilivyo na kupandisha kanieneo. Njia ni mbili tofauti, lakini uwiano wa `p` kwa `ρ` hufika pale pale, kwa sababu katika gesi kamilifu uwiano huo ni `R × T ÷ M` na si kitu kingine. Kinachotawala ni halijoto yenyewe, wala si wepesi wala kanieneo.

Hapo pia ndipo linapojibiwa lile swali la kanieneo. Ukiijaza gesi mara mbili katika chombo kile kile bila kubadili halijoto, kanieneo huwa mara mbili na densiti huwa mara mbili, na uwiano wao hausogei. Juu ya Kilimanjaro, kwenye mita 5895, kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya Dar es Salaam, na hata hivyo hilo pekee halipunguzi kasi ya sauti. Sauti huko huenda polepole kwa sababu ya baridi. Katika nyuzi 7 chini ya sifuri kanuni inatoa mita 327 kwa sekunde, na ingetoa 327 hizo hizo kama baridi hiyo ingekuwa ufukweni.

Sasa shuka hadi kwenye molekuli, maana ndiko sababu iliko hasa. Hewa haina kamba wala springi ya kupitisha mtikisiko. Habari kwamba mahali fulani pamebanwa hubebwa na molekuli zenyewe, zinazoruka na kugonga jirani zake, na jirani wakagonga wengine. Wimbi haliwezi kuwatangulia wajumbe wanaolibeba. Katika nyuzi 24, kasi wakilishi ya molekuli za hewa, yaani kipeuo cha wastani wa kasi zilizozidishwa kwa zenyewe, ni mita 506 kwa sekunde. Sauti huenda kwa 0.683 ya kasi hiyo, kwa kuwa molekuli hukimbia huku na huko na si zote kuelekea upande wa wimbi. Katika nyuzi 44 kasi wakilishi hupanda hadi 523, na ukizidisha kwa 0.683 utakuta 357. Namba hiyo 0.683 haiambatani na halijoto. Ni kipeuo cha pili cha `γ ÷ 3`.

Kipeuo nacho kina chanzo chake. Halijoto hupima nishati ya mwendo, na nishati ya mwendo huenda na kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa hiyo ili kuifanya kasi iwe mara mbili, halijoto ya kelvini inabidi iwe mara nne: kutoka 297 hadi karibu 1189, ambayo ni nyuzi 915 za Selsiasi. Ndiyo maana nyuzi 20 za tangi letu zimeongeza kasi kwa asilimia 3.3 tu, ingawa halijoto ya kelvini imepanda kwa asilimia 6.7.

Utajua umeelewa ukiweza kumweleza mwenzako mfano wa chupa iliyofungwa bila kutaja wepesi.

## Hatua ya 7: Rekebisha kipimo cha tangi

Programu nyingi za HC-SR04 hugawanya muda wa mwangwi, kwa mikrosekunde, kwa 58 ili kupata sentimita. Namba hiyo 58 huandikwa kana kwamba ni mali ya kifaa. Ukweli ni kwamba imeficha kasi ya sauti ndani yake. Mikrosekunde 58 za kwenda na kurudi kwa kila sentimita ni kasi ya mita 344.8 kwa sekunde, na ukiirudisha kanuni nyuma utaona kwamba hiyo ni hewa ya nyuzi 23 hivi.

Tuseme uso wa maji uko sentimita 120 chini ya kihisi, na hakuna anayefungua bomba siku nzima. Alfajiri mwangwi unarudi baada ya mikrosekunde 6945, na programu inaonyesha sentimita 119.7. Alasiri unarudi baada ya mikrosekunde 6722, na programu inaonyesha 115.9. Kwa mtazamaji, maji yamepanda karibu sentimita 4 bila tone kuongezwa. Katika tangi lenye eneo la mita 1 ya mraba, hizo ni lita 38 ambazo hazipo.

Tiba ni kupima halijoto ya hewa iliyo ndani ya tangi na kuiacha programu ikokotoe kasi kila mara:

```
float c = sqrt(1.40 * 8.314 * (t + 273.15) / 0.02896);
float cm = muda * c / 20000.0;
```

Hapa `t` ni nyuzi za Selsiasi na `muda` ni mikrosekunde za kwenda na kurudi. Weka kipimajoto ndani, katikati ya kihisi na maji. Hewa iliyo chini ya mfuniko huwa na joto kali kuliko ile inayogusa maji, na sauti hupita kote, kwa hiyo kipimo cha juu peke yake kitakudanganya kwa upande wa pili.

## Mahali kanuni inapoanza kuachana na kipimo

Ndani ya tangi hewa si kavu. Molekuli ya maji ni nyepesi kuliko ya naitrojeni au oksijeni, kwa hiyo mvuke hupunguza `M` ya mchanganyiko na kuongeza kasi. Hewa iliyoshiba mvuke katika nyuzi 24 huongeza chini ya mita 2 kwa sekunde, lakini katika nyuzi 44, ambapo hewa hubeba mvuke mwingi zaidi, nyongeza hukaribia mita 5. Kwa umbali wetu wa sentimita 120 hilo ni kosa la zaidi ya sentimita 1 hata baada ya kurekebisha halijoto.

Uwiano `γ` nao si wa kudumu. Kwa hewa, 1.40 hufaa vizuri katika halijoto zote za hali ya hewa, lakini katika mamia ya nyuzi molekuli huanza kutetema ndani yake na uwiano hushuka. Kwa hiyo ile hewa ya nyuzi 915 haitafikia mara mbili kamili, itapungukiwa kidogo. Kaboni dioksaidi huanza mapema zaidi, na ndiyo maana jedwali lake lazima lisomwe katika halijoto unayofanyia kazi.

Kama kosa la sentimita 1 halikubaliki kwako, funga kipande cha bati bapa ndani ya tangi, kando kidogo, kwa umbali unaoujua, tuseme sentimita 50 kutoka kwenye kihisi, na juu ya kiwango cha juu kabisa cha maji. Pima mwangwi wake kwanza, gawanya sentimita 100 za kwenda na kurudi kwa muda huo, na utapata kasi ya sauti ya hewa hiyo hiyo, pamoja na mvuke wake. Kisha tumia kasi hiyo kwa maji. Hakikisha tu kwamba mwangwi wa bati na wa maji hauchanganyiki: ukilitoa bati, usomaji wa sentimita 50 unapaswa kutoweka.